Kutoka ujumbe mrefu wa mjomba hadi kadi ya dereva mpya: Kondele mpaka ndani ya Shinyalu

Mtu wa nyumbani akikuelekeza njia, anaandika anavyoikumbuka akiwa ameketi sebuleni: anaanza mbali, anaruka, anarudi nyuma, halafu anamalizia na "ukipotea uliza". Dereva mzoefu hujaza mapengo mwenyewe. Dereva aliyepata leseni juzi hawezi, kwa sababu mikono na macho yake tayari vina kazi ya kutosha. Anahitaji namba zinazofuatana, na kila namba imwambie jambo moja la kufanya, mahali pa kulifanya, na jinsi ya kujua kwamba amelifanya sawa.

Tutumie ujumbe huu. Ni wa kutungwa, na vipimo vya huko ndani ni vya mfano, lakini barabara kuu ni hiyo hiyo ya Kisumu kwenda Kakamega:

"Ukitoka Kondele ushike barabara ya Kakamega, hapo Mamboleo usiingie ya Miwani, panda tu Riat uende hadi Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, zote unapita. Ukipita Sigalagala uanze kuwa macho, Khayega haiko mbali, hapo sasa unaingia ya Shinyalu. Kabla ufike Shinyalu kuna poshomili mkono wa kushoto, lakini kabla ya hiyo kuna shule, usiingie shuleni, ingia ile ya murramu iko mbele kidogo tu ya poshomili, ukivuka daraja ujue umepotea. Enda kama dakika tano utafika pale mwembe mkubwa ulikatwa mwaka jana, shika kushoto, sisi ni geti ya bluu baada ya kanisa. Ukipotea uliza vijana wa boda."

Hatua ya 1: Kata ujumbe pale dereva anapochagua

Usikate kwa sentensi wala kwa miji. Kata pale tu dereva anapotakiwa kuamua: akate kona, aingie njia nyingine, au asimame. Kila kitu kilicho katikati ya maamuzi mawili ni safari moja, hata kiwe kirefu namna gani.

Ukisoma ujumbe huo hivyo, utaona kwamba kutoka Kondele hadi Khayega ni uamuzi mmoja tu: usikate popote. Miji sita imetajwa, na wengi huipa kila mmoja namba yake. Matokeo yake ni kadi ya namba kumi na tano ambayo nusu yake inasema "endelea". Dereva anaizoea hiyo "endelea", na ikifika namba yenye kona kweli, anaipita. Weka miji yote sita kwenye namba moja, kama orodha ya kuhakikisha kwamba bado yuko njiani.

Maamuzi halisi kwenye ujumbe wa mjomba ni matano: kushika njia Kondele, kukata Khayega, kuingia murramu, kushika kushoto kwenye mwembe, na kuingia getini. Hiyo ndiyo mifupa ya kadi.

Hatua ya 2: Panga vitu kama vinavyokuja kwenye kioo cha mbele

Mjomba ameanza na poshomili, kisha akarudi nyuma kwenye shule, kisha akasonga tena mbele kwenye murramu na daraja. Barabarani mpangilio ni shule, poshomili, murramu, daraja, na mahali pa murramu utapathibitisha kwenye hatua ya 3. Andika hivyo. Maneno "lakini kabla ya hiyo" yasionekane popote kwenye kadi, kwa sababu dereva mpya akisoma "poshomili" kwanza, ataipita shule bila kuiona, na shule ndiyo iliyopaswa kumwonya.

Hatua ya 3: Mpigie simu mtu aliyeandika

Mapengo ya ujumbe huu hayazibiki kwa kukisia. "Mbele kidogo ya poshomili" inaweza kuwa kabla hujaifikia au baada ya kuipita. Watu wanaitumia kwa maana zote mbili. Murramu haikuelezwa iko upande gani. Dakika tano ni za nani, za boda, za gari au za miguu? Na mwembe uliokatwa mwaka jana hauonekani, maana haupo. Watu wa pale bado wanapaita mwembeni, lakini mgeni ataona kisiki, au hata kisiki hakipo.

Usiulize "hiyo njia iko wapi?" Utapewa ujumbe uleule kwa sauti. Mweke mjomba ndani ya gari kwa maneno, halafu uliza swali ambalo jibu lake ni neno moja:

"Mjomba, habari ya asubuhi. Nimetoka Khayega, naangalia Shinyalu. Shule iko mkono gani?"

"Kulia."

"Na poshomili?"

"Si nilikuambia, kushoto."

"Sawa mjomba. Nikiwa nimesimama hapo kwenye poshomili, hiyo murramu nimeshaipita ama bado?"

"Bado. Iko mbele kidogo."

"Na yenyewe iko mkono gani?"

"Hapo hapo upande wa poshomili. Kushoto."

"Pale mwembe ulikuwa, saa hii mtu akisimama anaona nini?"

"Kuna tanki ya maji, nyeusi, iko juu ya vyuma. Ya huyo jirani."

"Na geti, nikishapita kanisa, ni la kwanza ama la pili?"

Swali la "saa hii mtu akisimama anaona nini" ndilo lenye faida kuliko yote. Linamtoa mwelekezaji kwenye kumbukumbu na kumrudisha kwenye vitu vilivyopo. Liulize kwa kila alama aliyoitaja, hata zile unazodhani ziko wazi. Poshomili, kwa mfano, mara nyingi ni chumba cha mabati kisicho na kibao chochote. Mwenyeji anaijua kwa mlio wa mashine, nawe utapita siku ambayo stima imepotea.

Hatua ya 4: Chagua alama

Kila kona inahitaji alama tatu, na hapa sikubali mkato. Ya kwanza ni ya onyo, inayokuja kabla ya kona. Ya pili ni ya kona yenyewe. Ya tatu ni ya kumwambia amepitiliza kona bila kukata. Ujumbe wa mjomba una bahati kwamba ya tatu ameitaja mwenyewe: daraja. Alama hiyo ndiyo watu husahau zaidi, na ndiyo inayookoa muda, kwa sababu bila hiyo dereva aliyepitiliza ataendelea kilomita nane akijiambia kona iko mbele.

Alama ya onyo iwe umbali gani? Inategemea mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita takriban mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14. Dereva mpya anahitaji muda wa kuiona alama, kuangalia vioo, kuwasha indiketa, kukanyaga breki taratibu na kushusha gia. Kwenye lami weka onyo mita 300 hadi 500 kabla ya kona. Kwenye murramu, ambako anakwenda kilomita 20 kwa saa, mita 50 hadi 100 zinatosha, na ukiliweka mbali zaidi atakata kwenye njia ya kwanza anayoiona.

Alama nzuri haihami, ni ya pekee kwenye kipande hicho cha barabara, na inaonekana kutoka kiti cha dereva kwa upande anaotokea. Daraja ni nzuri. Mahali lami inapoishia na murramu inapoanza ni nzuri kuliko zote, kwa sababu hata akiwa anaangalia kwingine atasikia matairi yakibadilisha mlio. Tuta la shule pia ni zuri, maana lazima apunguze mwendo alipande. Lakini usimwambie ahesabu matuta kutoka mbali, "kata baada ya tuta la saba". Matuta huongezwa na mengine husagika, na mtu anayehesabu matuta haangalii bodaboda.

Alama mbaya ni duka la kijani la Mpesa. Yako mengi, yote ya kijani, na mwenye duka akibadilisha mkataba wa rangi linakuwa jekundu wiki moja. Kanisa bila jina ni alama mbaya vilevile katika nchi hii ya Waluhya ambako kila kilima kina makanisa mawili. Mwulize mjomba jina lililoandikwa kwenye kibao au rangi ya paa. Mama wa ndizi, gari lililokwama, ng'ombe waliofungwa, hizo sitaji hata sababu.

Kama dereva atafika usiku, pitia alama zote upya. Vibao vya mbao havionekani mpaka taa zivimulike, na tanki jeusi gizani si alama. Usiku hubaki matuta, daraja, mabadiliko ya lami na vipimo vya kilomita. Mimi ningemwambia aondoke Kisumu mapema afike kukiwa kweupe, na kadi isiandikwe kabisa kwa ajili ya usiku.

Hatua ya 5: Weka umbali

Hapa ndipo kadi nyingi huharibika, hata zilizoandikwa kwa uangalifu. Umbali ukiwa sahihi lakini umeanzia mahali pasipo sahihi, ni mbaya kuliko kutokuwa na umbali, kwa sababu dereva anauamini.

Anza kwa kutupa dakika. "Dakika tano" kwenye murramu ya mjomba ni kilomita 2.5 kwa bodaboda inayokwenda 30 kwa saa. Kwa dereva mpya anayekwenda 15 kwa saa akikwepa mashimo, ni kilomita 1.25. Kwa mtu wa miguu ni kama mita 400. Ujumbe mmoja, sehemu tatu tofauti. Kwa hiyo dakika hazibadilishwi kuwa kilomita kwa hesabu, zinapimwa upya. Katika mfano wetu tuseme imepimwa na kuwa kilomita 1.2.

Kipimo cha dereva ni tripu ya gari lake. Kwenye dashibodi kuna kitufe kinachobadilisha `ODO`, `TRIP A` na `TRIP B`. `ODO` haifai, kwa sababu magari mengi huonyesha kilomita nzima tu. `TRIP A` inaonyesha sehemu ya kumi ya kilomita, yaani kila mita 100, na inarudi 0.0 ukishikilia kitufe kwa sekunde chache. Mfundishe dereva kitufe hicho gari likiwa limesimama nyumbani, si barabarani. Na kwa kuwa tripu husoma kwa mita 100, usimwandikie kipimo kilicho chini ya mita 200. "Baada ya mita 60" haina maana kwenye dashibodi. Umbali mfupi hivyo uandike kwa vitu vya kuhesabu: nguzo ya tatu ya stima baada ya poshomili, au geti la pili baada ya kanisa.

Sasa mahali pa kuanzia sifuri. Wengi huanzia nyumbani au Kondele na kuandika umbali wa jumla hadi mwisho: Khayega kilomita kadhaa, murramu kadhaa na nusu, na kadhalika. Usifanye hivyo. Tripu za magari mawili hazilingani. Matairi yaliyoisha au yasiyo ya saizi ya kiwandani yanatosha kuleta tofauti ya asilimia 3. Kwenye kilomita 40, hiyo ni kilomita 1.2. Kwenye kilomita 3.4 ni mita 100 tu. Ongeza na ukweli kwamba dereva ataingia kituo cha mafuta, au atazunguka kutafuta maji Mbale, na kila mzunguko unaongezeka kwenye tripu. Kwa hiyo sifuri iwekwe karibu na mahali kipimo kinapohitajika, baada ya kila kona kubwa.

Lakini sifuri haiwezi kuwekwa katikati ya kona. Pale Khayega dereva anakata kulia, na kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto maana yake ni kukatiza magari yanayotoka Kakamega. Hapo macho yake yasiwe kwenye kitufe. Mwandikie hivi: akishakata, aende hadi mahali pa kwanza palipo wazi upande wa kushoto, aegeshe, aweke 0.0, ndipo aendelee. Na hili ndilo sharti linalosahaulika: aliyepima naye awe amepima kutoka mahali hapo hapo. Kama mjomba alipima kutoka kwenye kona yenyewe na dereva ameweka sifuri mita 200 mbele, basi murramu itakuja tripu ikisoma 3.2 badala ya 3.4, naye atakuwa bado anaisubiri. Taja mahali pa sifuri kwa alama, si kwa maneno "ukishakata". Kama kuna abiria mbele, kazi ya kitufe ni yake, kwenye kona yenyewe, na tatizo lote hili linaisha.

Kama hakuna mtu wa kupima kwa gari, pima kwa Google Maps kabla ya safari. Bonyeza na ushikilie kwenye njia panda mpaka pini ianguke, kisha tumia `Directions` kutoka hapo hadi mdomo wa murramu. Soma umbali, halafu fanya jambo ambalo watu hawalifanyi: kuza ramani na ufuate mstari wa buluu kwa macho mwanzo hadi mwisho. Vijia vya kijijini vingine havimo kwenye ramani, au vimechorwa bila kuunganishwa na lami. Hapo programu inakupeleka kwenye njia iliyo karibu, au inakuzungusha upande wa pili wa kilima, na kukupa kilomita ambazo hakuna gari litakalozipita. Dalili ni mstari unaoishia kwenye nukta nukta kabla ya kufika kwenye pini.

Ukiona hivyo, badilisha iwe `Satellite` na upime mwenyewe kwa `Measure distance`. Onyo: chombo hicho kinapima mstari ulionyooka kati ya nukta mbili. Ukiweka nukta moja mwanzoni na moja mwishoni, barabara yenye kona itatoka fupi kuliko ilivyo. Kipande cha kilomita 3.4 kinaweza kusoma 2.9. Bonyeza `Add point` kwenye kila kona, hata ndogo, mpaka mstari ulale juu ya barabara. Ni kazi ya kuchosha, na ukiifanya kwa kilomita 2 za mwisho tu inatosha, kwa sababu barabara kuu haihitaji usahihi huo. Kutoka Kondele hadi Khayega, "karibu kilomita 40" inatosha kabisa. Pale kinachomwongoza ni majina ya miji, si tripu.

Halafu kuna wanaosema nitumie tu lokesheni. Itume, si vibaya, lakini pini huwekwa pale mtumaji aliposimama, na mjomba akiituma akiwa sokoni Khayega, ndiko utakakofika. Na simu mkononi ukiendesha ni kosa la trafiki. Kadi ya karatasi haiishiwi chaji.

Hatua ya 6: Andika kadi

Nusu karatasi ya daftari, peni nyeusi, herufi kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umenyoosha mkono. Kila namba ianze na umbali, kisha alama, kisha kitendo, na mwisho "umepita ukiona". KUSHOTO na KULIA ziandikwe kwa herufi kubwa, na mshale kando yake. Usitumie mashariki, wala "upande wa chini", wala "upande wa ziwa".

Hivi ndivyo ujumbe wa mjomba unavyotoka:

1. KONDELE. Shika barabara ya Kakamega. Nyoosha karibu km 40. Utapita kwa mpangilio huu: Mamboleo, kupanda Riat, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Sigalagala. Usikate popote, hata ukiona vibao vya Miwani, Luanda, Kapsabet au Butere.

2. SIGALAGALA ni onyo. Kuanzia hapa punguza mwendo na usome vibao. Soko kubwa linalofuata ni Khayega.

3. KHAYEGA. Kibao cha Shinyalu. Kata KULIA →. Indiketa mapema, sogea karibu na mstari wa katikati, subiri magari ya mbele yaishe. Umepita ukiona Ilesi, wanakouza vyungu.

4. Egesha KUSHOTO ←, uwanja wa kwanza ulio wazi baada ya maduka. TRIP A = 0.0.

5. Km 3.0: matuta mawili, shule mkono wa KULIA. Hili ni onyo, usiingie.

6. Km 3.3: poshomili ya mabati, mkono wa KUSHOTO. Indiketa ya KUSHOTO sasa.

7. Km 3.4: lami inaachwa, murramu inaanza. Kata KUSHOTO ←. Umepita ukivuka daraja (km 3.8).

8. Simama ukiwa ndani ya murramu. TRIP A = 0.0.

9. Km 1.2: tanki jeusi juu ya vyuma, njia inagawanyika. Shika KUSHOTO ←. Umepita ukifika shamba la majani chai.

10. Km 0.3 kutoka kwenye tanki (TRIP inasoma 1.5): kanisa mkono wa KULIA. Geti la buluu ni la pili baada ya kanisa, mkono wa KUSHOTO ←.

Angalia namba 10. Sikumrudisha dereva kwenye sifuri pale kwenye tanki, kwa sababu kipande ni kifupi na njia ni nyembamba. Nikampa usomaji wa tripu moja kwa moja. Angalia pia namba 1 inataja vibao vya kukataa. Dereva mpya akiona kibao kikubwa chenye mshale pale Chavakali huanza kujiuliza. Kikiwa kimeandikwa kwenye kadi, anakipita bila wasiwasi.

Namba 3 ina maneno mengi kuliko nyingine kwa sababu ndiyo kona ngumu: kulia, sokoni, boda pande zote mbili. Kama dereva bado anaogopa kukatiza magari, kuna njia mbadala, nayo iandikwe kwenye kadi kabla ya safari ili asiitunge akiwa na hofu: apitilize Khayega, aegeshe kushoto mahali papana penye kuona mbali pande zote mbili, asubiri barabara iwe tupu kabisa, ageuze, kisha arudi. Akitokea upande wa Kakamega, barabara ya Shinyalu iko KUSHOTO kwake. Kibaya ni kusimama katikati ya soko nusu ndani nusu nje, nyuma kuna lori linapiga honi.

Chini ya kadi, mstari mmoja: "Ikinyesha, usiingie murramu. Acha gari shuleni, piga simu." Udongo mwekundu wa huko ukilowa unateleza kama sabuni, na mvua ya upande wa Kakamega hupenda kuja alasiri, saa ambayo mgeni aliyetoka Kisumu baada ya chakula cha mchana ndiyo anafika.

Hatua ya 7: Jaribu kadi

Msomee mtu asiyeijua njia, naye achore kwenye karatasi bila kukuuliza. Mchoro wake ukilingana na ramani, kadi iko sawa. Akikuuliza swali, jibu la swali hilo lilikosekana kwenye kadi, liongeze.

Hatua ya 8: Kadi ya kurudi

Usimwambie dereva asome ileile kutoka chini kwenda juu. Kushoto na kulia vinageuka, alama za onyo zinakuwa baada ya kona badala ya kabla, na vibao vinampa mgongo. Andika nyingine. Kwenye tanki sasa anakata KULIA. Kutoka murramu kuingia lami anakata KULIA tena, poshomili inakuja mara moja mkono wa KULIA, kisha shule mkono wa KUSHOTO. Onyo la kona ya kuingia lami haliwezi kuwa poshomili, maana iko upande wa pili wa kona. Tumia nyaya za stima za barabarani au paa la kwanza la dukani analoliona akikaribia. Pale Khayega mambo yanakuwa rahisi: anakata KUSHOTO kwenda Kisumu, hakatizi gari lolote, na daraja halimo kabisa kwenye kadi hii, kwa sababu akikata KULIA kutoka murramu hatalivuka.